Ahadi humwita 'wewe', masharti humwita 'mteja': Jinsi ya kuchambua video ya tangazo

KAULI "Vigezo na masharti kuzingatiwa" ni miongoni mwa kauli za Kiswahili zinazosikika sana nchini, ilhali ni watu wachache mno waliowahi kuuliza inasema nini. Husikika mwishoni mwa tangazo la redio, ikitamkwa mbio mbio kama mtu anayekimbizwa. Kwenye video huandikwa kwa herufi ndogo chini ya skrini, ikakaa sekunde mbili au tatu, kisha ikatoweka pamoja na masharti yaliyoitangulia.

Kisarufi, kauli hiyo si sentensi kamili. "Kuzingatiwa" ni kitenzi-jina katika hali ya kutendwa. Hakina nafsi, kwa hivyo hatujui ni nani anayepaswa kuzingatia. Hakina wakati, kwa hivyo hatujui yazingatiwe lini: kabla ya kulipa, au baada ya pesa kutoka mfukoni? Mtunzi wa tangazo lenye maneno matamu na ya moja kwa moja anapofika kwenye masharti, ghafla anaanza kuandika kwa sarufi isiyo na mtu ndani yake.

Makala haya yanachambua jinsi video ya tangazo inavyogawa kazi kati ya sauti, picha na maandishi, na kwa nini ahadi na masharti hayapewi njia moja. Nitatumia tangazo la mfano. Nimelitunga mwenyewe kwa ajili ya uchambuzi, na halihusu kampuni yoyote. Hata hivyo, kila kipande chake ni cha aina ambayo mkazi wa Kakamega amekutana nayo kwenye runinga au kwenye simu yake: tangazo la simu ya kisasa inayolipiwa kidogo kidogo kila siku.

TANGAZO LENYEWE

Video ina sekunde 30. Sekunde 6 za mwanzo ni ngoma ya isukuti na picha ya kijana wa bodaboda akiwa stejini. Simu yake ni ile ya vitufe, kioo kimepasuka. Wenzake wanatazama video na kucheka. Yeye anachungulia tu. Mama yake anampigia kutoka kijijini Shinyalu, simu inakatika.

Kuanzia sekunde ya 6 hadi ya 14, sauti ya mwanamume inasema: "Mulembe, watu wetu wa Kakamega! Simu ya maana si ya matajiri peke yao. Kwa 85 bob tu kwa siku, unaingia mtandaoni kama bosi!" Nambari 85 inajaza nusu ya skrini kwa rangi ya manjano.

Sekunde ya 14 hadi ya 22, kijana anaingia dukani, anatoa kitambulisho, anapewa simu. Sauti: "Beba kitambulisho tu. Hakuna mdhamini, hakuna maswali mengi. Harakisha, ofa ni ya siku chache!"

Sekunde ya 22 hadi ya 27, anazungumza na mama yake kwa video. Mama anacheka shambani. Sauti: "Anza na 85. Ishi kama bosi."

Sekunde 3 za mwisho ni nembo ya kampuni ikirukaruka huku isukuti ikipanda. Chini kabisa, kwa herufi nyeupe nyembamba juu ya picha inayosogea, yanatokea maandishi haya:

"Bei ni kuanzia. Malipo ya awali sh. 3,000 hayarudishwi. Malipo ya kila siku kwa siku 365. Simu itafungwa mteja akikosa kulipa. Ofa inategemea upatikanaji wa simu na uamuzi wa kampuni. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Nimeyaandika kwa Kiswahili ili tuyachambue. Katika matangazo halisi, aghalabu sauti huwa ya Kiswahili au hata Sheng, na maandishi hayo madogo yakawa ya Kiingereza. Ni jambo la kushangaza katika nchi ambayo Katiba yake, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mtu anakaribishwa kwa lugha moja, halafu anafungwa kwa nyingine.

MADAI YANAYOPIMIKA NA SIFA TUPU

Hatua ya kwanza ya uchambuzi ni kuandika kila dai kwenye karatasi, moja moja, kisha kuuliza: je, dai hili linaweza kupimwa likaonekana kuwa kweli au uongo?

"Simu ya maana" halipimiki. "Ishi kama bosi" halipimiki pia. Hakuna mizani ya ubosi. Hizi ni sifa tupu, na kila mchuuzi sokoni anaruhusiwa kusifu nyanya zake. Lakini "85 bob tu kwa siku" linapimika. "Beba kitambulisho tu" linapimika. "Ofa ni ya siku chache" nalo linapimika: rudi baada ya mwezi uone kama tangazo lingali hewani.

Tofauti hii imewahi kuamua kesi maarufu ambayo wanafunzi wa sheria nchini huisoma mapema katika somo la mikataba. Kampuni ya Carbolic Smoke Ball jijini London ilitangaza kuwa ingempa pauni 100 mtu yeyote ambaye angeugua mafua makali baada ya kutumia kifaa chake kama ilivyoelekezwa. Bi Carlill alikitumia, akaugua, akadai pesa. Kampuni ikajitetea kuwa maneno yale yalikuwa majigambo ya biashara tu. Mwaka wa 1892 Mahakama ya Rufaa ilikataa utetezi huo. Sababu moja ni kwamba tangazo lenyewe lilisema pauni 1,000 zilikuwa zimewekwa benki kuthibitisha kuwa kampuni haitanii. Dai lenye kiasi, sharti na uthibitisho lilikuwa limevuka mpaka wa sifa tupu.

Basi katika tangazo letu tuna madai matatu yanayopimika. Tuyaweke kando, tutayarudia.

KINACHOSHAWISHI BILA KUDAI

Mbali na madai, kuna mambo ambayo tangazo halisemi bali linayaacha yafanye kazi. Nitataja matatu.

La kwanza ni isukuti na salamu ya "Mulembe". Isukuti ni ngoma ya jamii za Isukha na Idakho, na mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Huchezwa arusini, kwenye jando, na hata matangani. Mtu wa Kakamega anapoisikia, anasikia shughuli ya kwao, ambako watu wanajuana na hawadanganyani. Salamu ya Kiluhya nayo inamfanya mtangazaji aonekane mwana wa nyumbani, hata kama tangazo lilirekodiwa Nairobi na mtu aliyefundishwa neno hilo moja asubuhi hiyo. Hapa hakuna uongo wowote. Lakini imani iliyojengwa na jamii imeazimwa na bidhaa, na mchambuzi anapaswa kuliona azimo hilo.

La pili ni kuigawa bei kwa siku. Mwaka wa 1998 mtafiti wa masoko John Gourville alieleza kwa nini mbinu hii hufanya kazi. Gharama kubwa ikisemwa kama kiasi kidogo cha kila siku, akili huilinganisha na matumizi mengine madogo ya kila siku. Shilingi 85 tunazilinganisha na chai na maandazi, au na nauli. Shilingi 34,000 tungezilinganisha na karo, au na ndama. Ni deni lile lile, ila limewekwa kwenye rafu tofauti ya akili.

La tatu ni neno "tu", na hapa ndipo elimu ya lugha inapotufaa hasa. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala yake ya 1975, alieleza kuwa wazungumzaji huchukulia kwamba mwenzao ametoa habari za kutosha. Ukimuuliza mama mboga bei ya sukumawiki naye akujibu "ishirini tu", hutarajii kuambiwa baadaye kuwa kuna ishirini nyingine za kamba. Vivyo hivyo, anayesikia "85 bob tu kwa siku" hukamilisha mwenyewe: hakuna kingine. Na anayesikia "beba kitambulisho tu" huondoka nyumbani na kitambulisho. Tangazo halijasema "hakuna malipo ya awali". Msikilizaji ndiye aliyelisema, moyoni mwake.

SEKUNDE 3 ZA MWISHO

Sasa tuje kwenye maandishi madogo. Kosa la kawaida ni kuyalalamikia kwa jumla kuwa "ni madogo na yanapita haraka". Malalamiko hayo hayamshindi mtu. Ni afadhali kuhesabu.

Maandishi ya tangazo letu yana maneno 34, tukihesabu kila tarakimu kuwa neno. Nchini Uingereza, waratibu wa matangazo ya runinga wana mwongozo rahisi wa muda wa maandishi ya aina hii: kila neno lipewe sehemu ya tano ya sekunde, kisha iongezwe muda wa jicho kuyatambua maandishi, yaani sekunde 2 kwa ujumbe wa maneno yasiyozidi 9 na sekunde 3 kwa ujumbe mrefu zaidi. Kwa hesabu hiyo, maneno 34 yanahitaji sekunde 6.8, ukiongeza 3 unapata sekunde 9.8. Tangazo letu limeyapa sekunde 3, muda ambao mwongozo huo unauona kuwa wa kuyatambua tu kabla ya kuanza kuyasoma.

Kanuni hiyo iliundwa kwa Kiingereza, na sisi tuna sababu ya kuiona kuwa na ubahili. Neno la Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. "Hayarudishwi" ni neno moja kwetu, lakini ndani yake mna ukanushi, nafsi, mzizi, kauli ya kutendesha na kauli ya kutendwa. Kiingereza kingetumia maneno matatu au manne. Kwa hivyo ni bora tuhesabu herufi. Maandishi yale yana takriban herufi 215 pamoja na nafasi. Watafsiri wa filamu wamezoea kuacha mistari miwili iliyojaa, yaani herufi 70 hivi, ikae kwenye skrini kwa sekunde 6. Kwa mwendo huo, masharti yetu yangehitaji takriban sekunde 18. Ukichukua kipimo cha kwanza au cha pili, jibu ni moja: aliyeyaweka kwa sekunde 3 hakutarajia yasomwe.

Na muda si kizuizi pekee. Jicho la binadamu huvutwa na uso wa mtu na kitu kinachosogea. Wakati maandishi yanatokea chini, nembo inarukaruka juu na muziki unapanda. Kuna pia suala la ubora wa picha. Video ikishasambazwa kwa WhatsApp hubanwa ili isimalize bando, na kitu cha kwanza kuharibika ni mistari myembamba. Nyuso hubaki zinatambulika, namba kubwa ya manjano hubaki inasomeka, lakini herufi nyembamba hugeuka ukungu. Mtu aliyetumiwa tangazo na rafiki yake anaweza kusimamisha video papo hapo na bado asisome chochote.

Kipimo cha nafasi bila kipimo cha muda hakitoshi. Mnamo Mei 2019, Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari nchini (BCLB) ilitangaza masharti mapya kwa matangazo ya kamari. Moja lilikuwa kwamba onyo kuhusu madhara ya kamari lichukue theluthi moja ya tangazo, kwa herufi zinazofanana na za tangazo lenyewe. Kwa gazeti au bango, theluthi moja inaeleweka: unachukua rula unapima. Lakini video ina upana, kimo, na sekunde. Theluthi moja ya skrini kwa sekunde 1 ni theluthi? Au tunataka sekunde 10 kati ya 30? Anayeandika kanuni za matangazo ya video na asitaje muda ameacha mlango mmoja wazi.

SARUFI YA KUJIFICHA

Tuyasome sasa maandishi yale kama walimu wa lugha, tukiyalinganisha na yale yaliyosemwa kwa sauti.

Katika sauti, vitenzi vyote muhimu vina "wewe" ndani yake: unaingia, beba, harakisha, anza, ishi. Ni vitenzi vya kutenda, vifupi, na vingi ni vya kuamrisha kwa upole. Mtazamaji ndiye shujaa wa hadithi.

Katika maandishi, "wewe" ametoweka. Anayekosa kulipa si wewe, ni "mteja". Ahadi zilimwita mtu kwa nafsi ya pili. Adhabu inamwita kwa nafsi ya tatu, kana kwamba ni mtu mwingine aliyepita hapo. Msomaji wa haraka hana sababu ya kufikiri kuwa yule kijana mwenye simu mpya na huyu "mteja" aliyefungiwa simu ni mtu mmoja.

Kampuni nayo imejificha ndani ya kauli ya kutendwa. Malipo "hayarudishwi". Na nani? Simu "itafungwa". Na nani? Vigezo ni vya "kuzingatiwa". Na nani? Kampuni inatajwa mara moja tu, na hapo si mtendaji bali ni mwenye "uamuzi", yaani mwenye haki ya kukataa. Tukirudisha watendaji mahali pao, masharti yatasomeka hivi:

"Utatulipa sh. 3,000 kabla hujapewa simu, na hatutakurudishia. Utatulipa kila siku kwa mwaka mzima. Siku utakayokosa kulipa tutaifunga simu yako. Simu unayoiona hapa huenda ikawa na bei ya juu kuliko sh. 85. Tunaweza kukukataa."

Hakuna neno gumu hapa, na urefu haujabadilika sana. Mtu hawezi kudai kwamba lugha ya masharti lazima iwe baridi kwa sababu ni ya kisheria. Sheria haikatazi nafsi ya pili.

Kuna vijineno viwili ambavyo mchambuzi havipiti bila kuvigusa: "kuanzia" na nduguye "hadi". "Kuanzia 85" maana yake ni kwamba 85 ndiyo bei ya chini kabisa; simu ya bei hiyo yaweza kuwa moja kati ya ishirini, na isiwe ile iliyo mkononi mwa kijana. "Punguzo la hadi asilimia 50" hutimia hata kama ni bidhaa moja tu dukani iliyopunguzwa kiasi hicho na nyingine zote zimepunguzwa asilimia 5. Vijineno hivi haviwi uongo kamwe, na ndiyo sababu vinapendwa. Katika tangazo letu, sauti ilisema "85 bob tu". Neno "kuanzia" halikutamkwa, liliachiwa maandishi. "Tu" na "kuanzia" hayawezi kuwa kweli pamoja: la kwanza linafunga bei, la pili linaifungua.

HESABU KAMILI

Turudi kwa kijana wetu wa bodaboda. Akijumlisha, siku 365 kwa sh. 85 ni sh. 31,025. Ongeza malipo ya awali ya sh. 3,000, jumla ni sh. 34,025. Tuseme simu hiyo hiyo inauzwa sh. 22,000 kwa pesa taslimu. Atakuwa amelipa sh. 12,025 zaidi ya bei ya dukani. Kwa kuwa sh. 3,000 alizitoa siku ya kwanza, kwa kweli alikopeshwa sh. 19,000, na kwa mkopo huo analipa sh. 31,025 kwa mwaka.

Huenda bado akaona inafaa. Mtu asiyeweza kupata sh. 22,000 kwa mpigo, na ambaye simu itamletea wateja, anaweza kuwa na sababu nzuri ya kulipa zaidi ili aipate leo. Uchambuzi wa lugha haumwamulii. Unachosema ni kwamba namba mbili alizozihitaji ili aamue, yaani jumla ya malipo na bei taslimu, hazimo. Ya kwanza inapatikana tu kwa anayesoma maandishi ya sekunde 3 na kuzidisha kichwani. Ya pili haimo kabisa, hata kwa herufi ndogo.

Na kuna siku ya mvua. Bodaboda haina mapato siku pikipiki inapoharibika au mtoto anapolazwa. Sharti la kufungwa kwa simu linamwangukia siku hiyo hiyo anapohitaji simu zaidi ili apigiwe na wateja. Hilo ndilo sharti zito kuliko yote, na ndilo lililofichwa katikati ya mstari.

MASHARTI KUFAFANUA AU KUKANUSHA?

Si kila maandishi madogo ni hila. Tangazo la sekunde 30 haliwezi kubeba mkataba mzima, na masharti mengi hayana ubaya: ofa ni ya matawi fulani, picha si ya rangi kamili ya bidhaa. Kwa hivyo, swali la maana halihusu udogo wa herufi peke yake. Swali ni kama maandishi yanafafanua ahadi au yanaikanusha.

"Ofa inapatikana Kakamega na Mumias" inafafanua. Ahadi inabaki nzima, ila tunajua ni wapi. Lakini sauti ikisema "beba kitambulisho tu" na maandishi yakisema "malipo ya awali sh. 3,000", maandishi hayajafafanua, yameing'oa ahadi. Mtu aliyetoka Malava na kitambulisho na nauli peke yake atarudi Malava mikono mitupu.

Sheria zetu zinaliona jambo hili. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na anachonunua. Kifungu hicho hicho kinalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya staha. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, kifungu cha 12, inahesabu kuwa maelezo ya uongo hata kule kutia chumvi, kutumia maneno yenye utata, au kuacha kutaja jambo la msingi, iwapo kufanya hivyo kunaelekea kumdanganya mnunuzi. Soma tena: "kuacha kutaja". Sheria haijaridhika na kuuliza kama kila neno lililosemwa ni kweli.

Je, jambo lililotajwa kwa sekunde 3 kwa herufi zisizosomeka limetajwa? Hapo ndipo mawakili wangebishana. Na hapo ndipo hesabu yetu ya maneno 34 na sekunde 9.8 inapopata uzito. Mlalamishi anayesema "sikuona" ni neno lake dhidi ya la kampuni. Mlalamishi anayesema "muda uliotolewa ni chini ya theluthi ya ule ambao msomaji wa kawaida anauhitaji" ameleta kipimo.

KUFANYA UCHAMBUZI MWENYEWE

Walimu wanaofundisha sajili ya matangazo wanaweza kulifanya zoezi hili darasani kwa simu moja. Tazameni video mara tatu. Mara ya kwanza zimeni sauti, mwandike picha zinaahidi nini. Mara ya pili funikeni skrini, msikilize tu, mwandike kila dai. Mara ya tatu tazameni maandishi peke yake: simamisheni video yanapotokea, pigeni picha ya skrini, muandike sekunde yalipoingia na sekunde yalipotoka. Hesabuni maneno, zidisheni kwa 0.2, ongezeni sekunde 3, mlinganishe.

Kisha chukueni orodha ya mara ya pili na ya mara ya tatu, mziweke sambamba. Kila dai la sauti litafutiwe mwenzake kwenye maandishi, na mjiulize kama mwenzake huyo anamfafanua au anamkanusha. Wanafunzi wapigie mstari kila "wewe" kwa rangi moja na kila kitenzi cha kutendwa kwa rangi nyingine. Mgawanyo wa rangi utajieleza.

Lipo jaribio jingine ambalo ukurasa wa uchambuzi hauwezi kulichukulia nafasi. Mwonyeshe video mara moja mtu ambaye hajaiona, bila kumwambia unatafuta nini, kisha muulize: "Utalipa pesa ngapi kwa jumla? Usipolipa kitatokea nini?" Majibu yake ndiyo tangazo lilivyosema kweli, kwa maana tangazo ni kile kilichobaki kichwani mwa mtazamaji. Ikiwa watano mfululizo watajibu "85 kwa siku" na kukwama hapo, basi masharti hayakuwasilishwa, hata kama yaliandikwa.

Anayetaka kulalamika asifute video hiyo. Aihifadhi pamoja na picha ya skrini, tarehe na saa, na mahali alipoiona, kwa sababu matangazo ya mtandaoni hubadilishwa bila ilani na ya jana yaweza kukosekana leo. Mamlaka ya Ushindani nchini hupokea malalamiko kuhusu maelezo ya kupotosha chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010. Na kabla ya kufika huko, pale dukani, kuna swali moja la Kiswahili chepesi ambalo muuzaji hawezi kulijibu kwa kitenzi-jina: "Nikimaliza kulipa, nitakuwa nimewapa ngapi?" Akikujibu "vigezo na masharti kuzingatiwa", mwambie airudie sentensi hiyo akiweka nafsi na wakati.